Maji ya waridi hayakai mezani

WAGENI wa harusi na maulidi katika mwambao wa Pwani wamenyunyiziwa marashi kwa mrashi tangu enzi za mabibi. Siku hizi maji hayo ya waridi yanatengenezwa pia jikoni, kuanzia Tandika hadi Mbagala, kwa ajili ya kufutia uso baada ya kunawa. Kutengeneza si kazi. Kazi ni kuyatunza, hasa kwenye joto la Dar es Salaam.

Chagua waridi lenye harufu, lililokua uani bila kupuliziwa dawa. Maua ya mashada hayafai, kwani mara nyingi hupigwa dawa za wadudu, na kuyasuuza hakuondoi dawa yote.

Osha petali za kujaza bakuli moja. Weka bakuli dogo zito katikati ya sufuria, zungushia petali, kisha mimina maji safi hadi yazifunike, yasiingie bakulini. Funika kwa mfuniko uliogeuzwa juu chini, kishikio chake kikielekea bakulini, na juu yake weka barafu. Washa moto mdogo. Mvuke ukigusa mfuniko wa baridi hugeuka matone, nayo hudondokea bakulini. Barafu ikiyeyuka, badilisha. Ukipata nusu kikombe, zima moto. Usisubiri maji ya sufuria yakauke, petali zitaungua na harufu itaharibika.

Kupata tona, changanya nusu kikombe hicho na nusu kijiko cha chai cha glisirini ya dukani, inayosaidia ngozi kushika unyevu. Usiongeze limau, linaweza kuwasha, na ngozi yenye limau ikipigwa na jua huweza kuungua.

Chupa ya kioo na kifuniko chake vichemshwe dakika 10 na vikauke vyenyewe, visifutwe kwa kitambaa. Andika tarehe, kisha weka kwenye friji. Tona hii haina dawa ya kuzuia vijidudu, hivyo itumike ndani ya wiki moja. Asiye na friji atengeneze ya siku hiyo tu, na umeme ukikatika usiku kucha, imwagwe.

Mfano ni binti anayeacha chupa mezani na kuchovya pamba ileile kila jioni. Siku ya nne maji yana ukungu, na chini kuna nyuzi za utelezi. Harufu ya waridi bado ipo, naye anaendelea kujipaka hadi vipele vinamtoka. Harufu nzuri si ushahidi wa usafi. Mimina kidogo kwenye pamba mpya. Usiguse mdomo wa chupa.

Kabla ya kupaka usoni, jaribu ndani ya kiwiko na usubiri saa 24. Ikiwasha au ikileta wekundu, iache. Isiingie machoni wala isipakwe kwenye kidonda. Vipele visivyopungua ni vya kumwonyesha daktari, si vya kuongezewa waridi.