Mwale wa Jua Usiomgusa Mtu

Jamani wasomaji wangu, leo nina ugomvi na mafundi wetu wa Photoshop. Nitasema hata kama watanuna.

Juzi rafiki yangu kanionyesha picha aliyoitengenezea jalada la kitabu. Mama mshonaji kainamia cherehani, mwale wa jua unaingia kutoka dirisha la kushoto, vumbi linameremeta. Wote tuliokuwepo wakasifu. Mimi nikauliza: mbona shavu la kushoto la mama lina giza kuliko la kulia? Kumbe picha ilipigwa kwa flashi iliyokuwa upande wa kulia. Yaani jua limempitia mtu bila kumgusa!

Ndugu zangu, kuchora mwale ni kazi ndogo. Unachora umbo lake, unalipa manjano hafifu, unaweka Screen, unalainisha kingo. Dakika tano tu. Lakini mwale ni vumbi lililoangaziwa. Jua lenyewe tunalitambua kwa vitu linavyovigonga.

Tukakaa kuirekebisha. Kwanza tuliitia giza picha nzima kwa Curves, maana jua halionekani kali katika chumba ambacho tayari kina mwanga kila kona. Tukaongeza Curves ya pili ya kung'arisha, tukaifunika yote kwa barakoa nyeusi, kisha tukaifunua kwa brashi nyeupe pale tu palipoelekea dirisha: nusu ya paji la uso, mfupa wa shavu, bega, mgongo wa mkono. Sehemu hizo tukazipa manjano yale yale ya mwale. Upande wa kulia wa uso tukaupunguzia nuru.

Halafu vivuli, ambavyo wengi huvisahau. Cherehani ilipaswa kutupa kivuli kulia, juu ya meza na kitambaa, chenye ukingo mkali karibu na mashine na unaolegea kadiri kinavyokwenda mbali. Mwale nao tukaukata ulipofika mgongoni kwa mama, kwa sababu mwili huzuia mwanga. Kivuli cha zamani cha flashi, kilichokuwa ukutani upande wa kushoto, tukakifuta.

Kilichotushinda ni kivuli cha pua kwenye shavu la kushoto. Kila tulipokiangaza kiligeuka kijivu chenye chengachenga, maana kamera haikunasa kitu cha kutosha pale. Hapo dawa ni moja tu: rudi ukampige mama picha tena, karibu na dirisha la kweli.

Na tusielewane vibaya: hili ni jalada la kitabu. Ukiniletea picha ya habari yenye jua la kuchora, huo ni uongo, hata kama vivuli vimekaa sawa.

Mafundi, jipimeni hivi. Zima tabaka la mwale, kisha muulize mtu ambaye hajaiona picha: dirisha liko wapi? Akionyesha bila kusita, umefanya kazi. Akikodoa macho, ulichora vumbi tu.