Kibweta cha Bibi na Shilingi Inayosinyaa

Mazungumzo haya niliyasikia alasiri moja katika Mji wa Kale wa Mombasa, nikiwa nimekaa barazani kwa jirani. Bibi wa nyumba alikuwa amefungua kibweta chake cha mkangazi. Ndani mlikuwa na bangili moja ya dhahabu na shilingi 20,000, alizoweka miaka kumi iliyopita kwa ajili ya sanda yake na chakula cha hitima, ili asizikwe kwa deni. Mjukuu wake alizihesabu, akanyamaza.

BIBI: Mbona umenyamaza? Zimepungua?

MJUKUU: Hesabu ni ile ile, bibi. Kilichopungua ni nguvu zake.

BIBI: Nani kazila, nami ufunguo nauvaa shingoni?

MJUKUU: Zimeliwa na bei. Tuseme bei hupanda kwa saba katika mia kila mwaka. Kitu cha shilingi 100 mwakani kitakuwa 107, na mwaka wa pili kitapanda juu ya hiyo 107, si juu ya ile mia. Ukienda hivyo miaka kumi, bei hufika karibu mara mbili. Basi 20,000 zako leo zanunua vya 10,000 tu vya siku ile.

BIBI: Na bei zapandishwa na nini? Tamaa ya wenye maduka?

MJUKUU: Tamaa ipo, lakini si peke yake. Chukua samaki kumi sokoni, na wanunuzi wenye shilingi 1,000 baina yao. Zikizidi zikawa 2,000, na samaki ni wale wale kumi, bei itapanda. Tena mchele wetu mwingi watoka Pakistani, na mafuta ya gari watoka ng'ambo, nao hulipwa kwa dola. Mapema mwaka 2020 dola ilikuwa kama shilingi 101. Januari 2024 ilifika kama 160, kisha ikashuka hadi karibu 130. Shilingi ikidhoofika kule, chungu chetu hujua huku.

BIBI: Basi nizipeleke benki, nami nile riba uzeeni?

MJUKUU: La, bibi. Tena akaunti isiyoleta faida huziokoa na mwizi na moto, lakini kwa bei ni sawa na kibweta hiki. Ziko benki za kufuata sharia, mbili za mwanzo zilifunguliwa Kenya mwaka 2008. Huko waweza kuweka kwa mudharaba: wao wafanye biashara, faida mgawane kwa fungu mlilopatana. Lakini biashara ikila hasara, mtaji wako nao waweza kupungua.

BIBI: Na bangili hii?

MJUKUU: Hiyo kwa miaka mingi hushinda noti. Ila bei ya dhahabu nayo huanguka. Ilianguka sana baina ya 2011 na 2015. Na siku ya kuuza, sonara hupima dhahabu tu. Ujira wa kuifua hakurudishii.

Bibi akafunga kibweta, asiseme neno.

Sasa niseme langu. Wako vijana wanaowacheka wazee kwa kuficha pesa. Mimi siwacheki. Mauti hayangoji benki ifunguliwe, na pesa ya sanda lazima iwe karibu. Lakini pesa ya karibu ni mbali na pesa ya miaka kumi. Ya karibu na ibaki nyumbani, hata ikisinyaa kidogo, na kila Ramadhani ihesabiwe upya kwa bei za mwaka ule, iongezwe ilipopelea. Ya mbali na iende kwenye kitu au biashara ya halali. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar aliagiza mali ya mayatima izungushwe katika biashara, isije ikamalizwa na zaka. Basi wazo hili si geni kwetu.

Jambo la pili ni noti zenyewe. Mwaka 2019 noti za elfu za zamani zilikoma kutumika tarehe 1 Oktoba, na zaidi ya milioni saba hazikurudishwa. Nyingine bila shaka ni za haramu. Lakini sidhani kwamba hapakuwa na hata ajuza mmoja aliyeachiwa makaratasi matupu kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Bibi huyu aliokolewa na mjukuu aliyeuliza mapema.

Ndiyo maana nasema: kijana, muulize bibi yako ameweka nini na kwa ajili ya nini, kisha mhesabie. Usimwombe ufunguo.