Ukiambiwa umfundishe mgeni kazi yako, soma sheria kwanza

Kuna kisa ambacho watu wa hoteli za Diani, Watamu na Malindi wanakijua vizuri. Mwenyeji ameshika kazi miaka kadhaa. Siku moja analetewa mgeni kutoka ng'ambo na kuambiwa amwonyeshe mambo yanavyokwenda. Baada ya miezi michache, mwenyeji anapewa barua: nafasi yako imeondolewa.

Mara nyingi kilio chetu huwa ni asilimia: wenyeji wangapi wameajiriwa na wageni wangapi. Lakini Kenya haina idadi moja ya wenyeji ambayo sheria ya kazi inailazimisha kila kampuni ya kigeni kuifikia. Sekta chache zina masharti yake. Sheria ya Madini ya 2016, iliyousimamia mgodi wa titani wa Kwale hadi ulipoacha kuchimba Desemba 2024, inamtaka mwenye leseni awape kipaumbele jamii ya eneo na Wakenya, na ajitahidi kuwaweka Wakenya katika nafasi za wataalamu wa kigeni. Hoteli na viwanda havimo katika sheria hiyo. Mfanyakazi wao ana ngao mbili nyingine.

Ngao ya kwanza ni kibali cha kazi. Mgeni anayekuja kuajiriwa huombewa kibali cha daraja D, na msingi wake ni kuwa ujuzi alio nao haupatikani nchini. Mwajiri hutakiwa pia kumtaja Mkenya atakayefunzwa na mgeni huyo, ili baadaye ashike nafasi ile. Kwa hivyo mafunzo yanatakiwa yatoke kwa mgeni yaende kwa mwenyeji. Mwenyeji akiagizwa amfundishe mgeni kazi ile ile, ni dalili kwamba ujuzi ulikuwepo hapa hapa, na jambo hilo linafaa kuandikiwa Idara ya Uhamiaji.

Ngao ya pili ni kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007, kinachohusu kupunguzwa kazi. Mtu hupunguzwa pale ambapo kazi yenyewe haihitajiki tena. Kama kazi ipo na mtu mwingine anaifanya, basi aliyebadilishwa ni mtu, na mwajiri atatakiwa kuthibitisha mbele ya mahakama sababu ya kumwachisha wa kwanza.

Tuchukue mfano. Fundi mkuu wa matengenezo wa hoteli amefanya kazi miaka 9 kamili, na mshahara wake ni Sh90,000 kwa mwezi. Akipunguzwa kihalali, kwanza apewe notisi ya maandishi ya angalau mwezi mmoja, na afisa wa leba ajulishwe. Kama ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, chama nacho kijulishwe. Kisha alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka. Tukigawa mshahara kwa siku 30, siku moja ni Sh3,000, siku 15 ni Sh45,000, na kwa miaka 9 ni Sh405,000. Likizo ambazo hakuzichukua hulipwa mbali.

Sasa tuseme mwezi uliofuata mgeni anaonekana na cheo cha "mkurugenzi wa huduma za kiufundi", naye anasimamia jenereta zile zile, pampu zile zile na mafundi wale wale. Hapo fundi wetu ana kesi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Akishinda, mahakama inaweza kumwongezea fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12, yaani Sh1,080,000. Hicho ni kikomo, na wengi hupewa chini yake. Kurudishwa kazini kunawezekana, lakini ni nadra.

Kesi kama hii husimama kwa karatasi. Cheo hubadilishwa kwa makusudi, kwa hivyo kinacholinganishwa ni majukumu. Weka nakala ya barua ya ajira, orodha ya majukumu yako, ratiba za zamu, na ule ujumbe uliokuagiza umwonyeshe mgeni kazi. Mahali pengi mtu huponzwa na kalamu yake: anawekewa mbele barua ya kujiuzulu kwa hiari, anaambiwa atie sahihi ndipo alipwe haraka. Ukishatia sahihi, ni vigumu baadaye kudai kwamba uliachishwa.

Muda nao una mwisho. Kesi hupelekwa Mahakama ya Ajira na Leba, iliyo na kituo Mombasa, ndani ya miaka mitatu. Kumlalamikia afisa wa leba hakusimamishi hesabu hiyo.

Sheria haimkatazi mwekezaji kupanga upya biashara yake, wala kumleta mtaalamu ambaye kweli hatuna. Inamtaka aonyeshe kwamba kweli hatuna. Na mtu aliyeagizwa kumfundisha mgeni kazi hiyo ndiye shahidi wa kwanza kwamba ujuzi tulikuwa nao.