SAFU YA DAFTARI: Je, Mauzo Tunayoyakusudia Yana Fedha za Kuyabeba?



Wahenga walituambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwezi huu tunapenda kuongeza neno moja: hata mwenye daftari anaweza kupotelewa na mali, tena katika mwaka ule ule ambao mauzo yake yamepanda, ikiwa hakuuliza kwanza ukuaji huo utalipiwa na fedha zipi.

Tumeletewa jambo hili na bwana mmoja na mkewe, wenye duka la jumla la vyakula hapa Uingereza: mchele, unga, maharage, mafuta, viungo na samaki wa kugandishwa. Wametuachia tutumie hesabu zao, nasi tumezikadiria kwa tarakimu za mviringo ili zifuatike kwa wepesi. Mikahawa kadhaa imewaahidi oda za kudumu zitakazopandisha mauzo yao ya mwaka kutoka pauni 400,000 hadi 500,000, yaani asilimia 25 kwa mwaka mmoja. Walitakiwa kutia saini kabla ya mwezi kwisha.

Bwana alikuwa na furaha. “Biashara ikikua,” alituambia, “fedha zitakuja zenyewe.” Bibi, ambaye ndiye mshika daftari, alijibu kwa upole: “Baba watoto, mwaka jana pia tuliuza zaidi, na kila mwisho wa mwezi tulikuwa tukihesabu peni.” Tuliwaomba tuketi na mizania yao.

Mwanzoni mwa mwaka uliopita, mtaji wao wenyewe ndani ya biashara ulikuwa pauni 80,000. Tunaposema mtaji wa wenyewe tuna maana ya kile kinachosalia baada ya kutoa madeni yote katika thamani ya mali yote. Faida ya mwaka, baada ya kodi, ilikuwa pauni 16,000. Kwa hiyo kila pauni 100 ya mtaji wao ilizaa pauni 20. Hilo ndilo pato la mtaji: asilimia 20, nalo si baya hata kidogo.

Lakini faida hiyo haikubaki yote dukani. Walitoa pauni 10,000, na wala si kwa anasa: ada za watoto wa marehemu ndugu yake bwana, matibabu ya mama, na nyumba inayoinuka taratibu huko Tanga. Zilizobaki ndani ya biashara ni pauni 6,000, yaani asilimia 37.5 ya faida.

Sasa tunaweza kuandika kanuni yenyewe, nayo ni fupi:

Ukuaji unaohimilika = sehemu ya faida inayobakizwa × pato la mtaji

Kwa duka hili: 0.375 × 20 = 7.5. Duka linaweza kukua kwa asilimia 7.5 kwa mwaka, likiendelea kuendeshwa kama linavyoendeshwa sasa, bila wenyewe kuongeza mtaji kutoka mfukoni na bila uzito wa madeni kuzidi ule wa sasa. Hesabu hii ilienea miongoni mwa wataalamu wa fedha baada ya makala ya mwaka 1977 ya Robert Higgins wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, aliyeuliza kampuni inaweza kumudu ukuaji kiasi gani.

Msomaji atauliza: kwa nini mauzo yafungwe kamba na mtaji? Sababu ni kwamba mauzo hayasimami hewani. Ukiuza robo zaidi, utahitaji takriban robo zaidi ya mchele ghalani, robo zaidi ya ankara ambazo wateja hawajazilipa, na huenda gari jingine la kusambazia. Mali hiyo yote hununuliwa kabla faida yake haijafika mkononi. Sehemu yake hubebwa na madeni, lakini wadai nao hutaka kuona mwenye biashara amebeba sehemu yake. Sehemu hiyo ndiyo mtaji wa wenyewe, na mtaji hukua kwa faida iliyobakizwa tu, isipokuwa mtu alete fedha mpya.

Tuliipima mipango yao kwa tarakimu. Mwisho wa mwaka, mali yote ya duka ilikuwa pauni 172,000: bidhaa ghalani 76,000, fedha zilizo kwa wateja 50,000, gari na majokofu 36,000, na taslimu 10,000. Upande wa pili, wenye bidhaa walikuwa wakidai 54,000, benki 32,000, na mtaji wa wenyewe ulikuwa umefika 86,000.

Mauzo yakipanda kwa asilimia 25, na mali ikipanda vivyo hivyo, zitahitajika pauni 43,000 zaidi. Wenye bidhaa watabeba 13,500, kwa kuwa manunuzi yatapanda na deni lao litapanda nayo. Benki, ikikubali kukopesha kwa kadiri ile ile ya mali, itaongeza 8,000. Faida ya mauzo mapya, kwa pauni 4 katika kila 100, ni 20,000. Wakibakiza asilimia 37.5 kama walivyozoea, ni 7,500. Jumla ya hayo yote ni 29,000. Pengo ni pauni 14,000.

Bwana alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi mwaka mmoja hatutatoa hata peni. Nyumbani watatuelewa.” Tulimwonyesha kwamba hata hivyo hayatoshi. Bila benki kukopesha zaidi ya kadiri ya sasa, mtaji wao ungetakiwa kuongezeka kwa 21,500, na faida yote ya mwaka ni 20,000. Watoto wangekosa ada, ujenzi ungesimama, na bado pauni 1,500 zingepungua. Kwa familia ambayo haitaki kuongeza mkopo wa riba, pengo la kwanza lingekuwa kubwa zaidi: si 14,000 bali 22,000.

Hapa tunafika penye hatari yenyewe. Pengo halibishi hodi. Hakuna siku ambayo mtu huamua kukopa hizo pauni 14,000, zinajikopa. Aghalabu zinatoka kwa wenye bidhaa, ambao hulipwa wiki moja baadaye, kisha mbili. Duka hili lilinunua bidhaa za pauni 300,000 mwaka jana na lilikuwa likilipa kwa wastani wa siku 66. Manunuzi yakifika 375,000 na pengo lote likiangukia kwa wenye bidhaa, malipo yatachukua siku 79. Mwenye bidhaa anaposubiri hivyo hukata punguzo la bei au hutaka taslimu mlangoni, na hapo ghala huanza kuwa tupu wakati oda ziko tele. Kwa hiyo, mwenye duka asitazame mauzo peke yake. Kila mwezi agawanye deni la wenye bidhaa kwa manunuzi ya mwaka, azidishe kwa 365, aandike idadi ya siku. Siku hizo zikipanda mfululizo huku mauzo yakipanda, ajue kwamba anakua kwa fedha za wengine bila idhini yao.

Kanuni hii ina mipaka yake, na ni haki tuitaje. Kwanza, inachukulia kwamba mali yote hupanda sawia na mauzo. Ikiwa gari lao linarudi nusu tupu kila siku na majokofu yana nafasi, hawatahitaji kuongeza pauni 9,000 upande huo, na pengo litashuka hadi 5,000. Bibi alisema gari lina nafasi, lakini majokofu yamejaa hadi mlangoni. Basi nafuu hiyo si kamili.

Pili, pato la mtaji linaweza kudanganya. Katika maduka mengi ya jamaa zetu, mke na watoto wakubwa hufanya kazi bila mshahara. Faida huonekana nene, kumbe ndani yake mmejificha jasho ambalo halikulipwa. Siku watakapoajiri mtu wa kufungasha oda za mikahawa, mshahara wake utaila faida hiyo, na kiwango cha ukuaji kitashuka. Anayetaka jibu la kweli aondoe kwanza mshahara wa haki wa kila anayefanya kazi, ndipo azidishe.

Njia za kuziba pengo hazizidi chache: kubakiza faida zaidi, kupata faida nene zaidi katika kila pauni ya mauzo, kuuza zaidi kwa mali ile ile, kukopa zaidi, au kuleta mtaji mpya. Kwa duka hili tuliona njia ya tatu ndiyo iliyo karibu. Wateja wao walikuwa wakilipa baada ya siku 46 kwa wastani. Wakilipa baada ya 35, basi kwa mauzo ya 500,000 zitafunguka takriban pauni 14,500, na pengo litazibika. Lakini nafuu hiyo huja mara moja tu. Mwaka wa pili huwezi kuzipunguza tena siku zile zile, na ukitaka asilimia 25 nyingine utalikuta pengo jipya linakungoja. Tena, mikahawa mipya ndiyo inayojulikana kwa kuchelewa kulipa.

Walirudi kwetu baada ya wiki moja na uamuzi wao. Wamekubali nusu ya oda, mauzo yafike 450,000, ambayo ni ukuaji wa asilimia 12.5. Mtaji unaohitajika ni 10,750. Faida itakuwa 18,000; wao watatoa 10,000 zile zile za mwaka jana, bila kuongeza, na kubakiza 8,000. Pungufu ni 2,750, na wateja wakilipa siku tatu mapema zaidi, itazibwa na kusalia. Ongezeko la mkopo wa benki ni 4,000 badala ya 8,000. Mikahawa iliyosalia imeambiwa isubiri mwaka ujao.

Tulimwuliza bwana kama imemuuma kukataa. Alisema imemuuma sana. Bibi alikuwa amekwisha kufungua ukurasa mpya katika daftari na kuuchorea mistari mitatu: siku ambazo wateja wanalipa, siku ambazo wao wanalipa, na kiasi kilichotolewa mwezi huo. Alituambia kwamba ada za muhula zimekwisha pelekwa, nazo zimeandikwa katika mstari wa tatu.

Ndugu msomaji, ukitaka kulipima duka lako, unahitaji tarakimu tatu tu: mtaji wa mwanzo wa mwaka, faida baada ya kodi, na kiasi ulichotoa. Toa kilichotolewa katika faida, gawanya kwa mtaji wa mwanzo, kisha ulinganishe jibu na ukuaji unaoukusudia.