Mpaka Mmoja, Uzee wa Aina Mbili

Chukua mashemeji wawili wa Kirewa: mmoja ameajiriwa kiwandani Tororo, mwenzake ng'ambo, Busia ya Kenya. Wote hukatwa mshahara, lakini hawatalipwa sawa. NSSF ya Uganda ni mfuko wa akiba: mfanyakazi hukatwa asilimia 5, mwajiri huongeza 10, na akifika miaka 55 huchukua zote kwa mkupuo, pamoja na riba. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, mwenye miaka 45 aliyechangia miaka 10 anaweza kutoa asilimia 20 mapema; kwenye milioni 60 hiyo ni milioni 12, na 48 zinabaki zikizaa. Kenya, chini ya sheria ya 2013, mfuko ni wa pensheni. Shemeji mwenye milioni 3 za Kenya akistaafu hupewa mkononi theluthi tu, yaani milioni moja. Mbili zilizobaki zaweza kununua malipo ya kila mwezi kutoka kampuni ya bima hadi afe. Hapo ndipo wengi hutia saini bila kusoma. Akichagua malipo ya maisha yake peke yake, bila muda wa uhakika, akafa mwaka wa pili, mjane hapati kitu; akimjumuisha mkewe, cha kila mwezi hupungua. Mimi ningekubali kipungue. Wa Tororo naye ana hatari yake: pesa zote zikishaishia kwenye nyumba, akiwa na miaka 70 hana mahali pa kudai.