Mwoga asikimbilie hatifungani peke yake

Sikubaliani na ushauri kwamba mwoga ajaze hatifungani. Tuseme hisa zinatarajiwa kuleta 16%, hatari (mkengeuko sanifu) 20%. Hatifungani 12%, hatari 10%. Dhamana za serikali 8% bila hatari. Na uhusiano wa hisa na hatifungani ni sifuri. Gawa ziada ya kila moja juu ya 8% kwa mraba wa hatari yake: 8/400 na 4/100, yaani theluthi hisa, theluthi mbili hatifungani. Mchanganyiko huo huleta 13.3% kwa hatari ya 9.4%, hivyo unazishinda hatifungani tupu pande zote mbili. Mwoga apeleke nusu ya fedha kwenye dhamana: 10.7%, hatari 4.7%. Mtasema jasiri atakopa apande zaidi. Kweli, ila benki haimkopeshi kwa 8%, kwa hiyo kuanzia hapo mstari wake hulala.