Kuhema Si Kasi

Kwenye timu zetu za veterani, zoezi lisilomwacha mtu ameshika magoti halihesabiwi kuwa zoezi. Mchukulie winga wa miaka 38, mtu wa ofisini, anayecheza kila Jumapili na kulalamika kwamba siku hizi mabeki wanamkamata. Anapewa mikimbio 20 ya mita 60, akipumzika sekunde 30 tu kila mara. Anarudi nyumbani hoi, akiamini ameongeza kasi. Alichozoea ni kukimbia polepole huku amechoka.

Mkimbio wa nguvu zote hutegemea sana kreatini fosfeti, akiba ndogo iliyomo ndani ya misuli, ambayo hupungua mno katika sekunde 10 za mwanzo. Takriban nusu hurudi ndani ya nusu dakika. Iliyobaki huchukua dakika kadhaa. Ukiondoka mapema, unakimbia chini ya uwezo wako, na mwili huzoea kile unachoufanyisha mara nyingi.

Huyu winga ningempa wiki sita. Jumanne atafute mlima wa wastani, unaopanda mita 5 hadi 8 kwa kila mita 100. Akimbie sekunde 8 kwa nguvu zote, ateremke akitembea, kisha asubiri mpaka zitimie dakika 3. Mara nne zinatosha wiki ya kwanza. Afike nane wiki ya tano, na ya sita apunguze. Mlima humlazimisha kuisukuma ardhi nyuma, na kwa kuwa hatua hufupika, misuli ya nyuma ya paja haivutwi kama kwenye tambarare. Kwa mtu wa umri wake, misuli hiyo huchanika kwa urahisi.

Alhamisi ahamie uwanjani: asimame wima, ajiegemeze mbele mpaka akaribie kuanguka, ndipo achomoke mita 20. Mara sita, kila moja ikifuatiwa na dakika 2 za kupumzika. Vyuma vije siku hizohizo, baada ya mbio: kuchuchumaa na uzito mkubwa, seti tatu za mara tano. Wengi huviweka Jumatano, na hapo siku ya mapumziko imeshaliwa.

Ajipime kwa video ya simu, maana kidole kwenye saa hukosea kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kama mita 20 zilimchukua sekunde 3.30 na sasa ni 3.40, afunge siku, hata kama ana hamu ya kuendelea.

Makocha watanijibu kwamba mechi haina mapumziko ya dakika 3. Ni kweli, na mechi yenyewe ya Jumapili humfundisha kurudia mikimbio akiwa amechoka. Kinachomshinda ni kumpita beki dakika ya tano, wakati wote wawili bado wana pumzi.